Barua ya Kuikataa Picha ya Ukutani

Kuna watu wa aina mbili ninaoshindwa kuwavumilia: anayenigusa bega nikiwa nalenga, na anayeniambia "wewe ikuze tu". Wa kwanza huwa namkanyaga mguu halafu namwomba radhi. Wa pili kwa kawaida ni mteja, kwa hiyo namvutia kiti na kumkaribisha maji.

Studio yangu iko Mikumi, upande wa barabara kuu wanakopumzikia madereva wa malori, imebanwa kati ya gesti na duka la vipuri. Katikati ya wiki nasafisha picha za paspoti saizi za watu wanaotafuta kazi za hotelini, na Jumamosi napiga harusi. Nimepiga harusi nyingi kiasi kwamba naweza kukuambia ndoa ipi itadumu kwa kutazama tu jinsi bwana harusi anavyolishwa keki, ingawa sijawahi kuulizwa.

Mama ninayemsimulia hapa alikuwa mama wa bibi harusi. Anauza mchele soko la Mabwerebwere, pale Kilosa mjini, na ukimwona unaanza mwenyewe kunyoosha mgongo. Binti yake aliolewa na kijana anayefanya kazi gereji hapa Mikumi, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Ibada ilikuwa Kilosa, sherehe ikawa Mikumi, na mpiga picha nilikuwa mimi. Albamu nilikabidhi, mama akaipitia ukurasa kwa ukurasa huku akilamba kidole, akasema, "Umejitahidi." Kwa mama yule, hiyo ni nishani.

Miezi kadhaa baadaye nikamwona anashuka kwenye basi la Kilosa na kuvuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Lori lilisimama lenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na picha. Nataka uikuze."

Akafungua leso, akatoa simu, akaniwekea mbele ya macho. Nikaona picha ya wazee wawili wakicheza katikati ya ukumbi. Mmoja alikuwa mume wake, mkulima wa mahindi kule Chanzuru na mzee wa kanisa, mtu ambaye katika albamu yangu nzima anaonekana kama anasubiri kusomewa hukumu. Wa pili alikuwa baba wa bwana harusi. Yule mfugaji alikuwa ameinua mikono juu ya kichwa, ameikunja mfano wa pembe za ng'ombe, goti moja juu. Na mbele yake mzee wa kanisa, koti limefunguka, tai imerukia begani, naye ameinua mikono vilevile. Wote wawili wanacheka mpaka wamefumba macho.

Nilikasirika, sitaficha. Picha nzuri kuliko zote za harusi ile, na si yangu. Wakati ule nilikuwa nje getini na maharusi, nawapanga mbele ya gari kabla mwanga haujaisha, kama kamati ilivyoniagiza. Nilisikia vigelegele ndani nikadhani ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imeingia.

"Nani alipiga?" nikauliza.

"Mgeni mmoja. Aliiweka kwenye stetasi yake, shangazi mtu akaidaka, akaikata akatuma kwenye grupu la familia. Mimi nimeitoa kwenye grupu. Nataka iwe hivi." Akanyoosha mikono yake yote miwili, kisha akaona haitoshi, akasogea hatua moja pembeni. "Mita moja. Iwekwe ukutani, sebuleni, mkabala na mlango. Mtu akiingia, aione kabla hajakaa."

Ndipo akanieleza. Wale wazee wawili walikuwa wamegombana tangu baada ya harusi. Hawasalimiani. Mumewe akiulizwa anasema hana mkwe, na mfugaji naye anasema hivyohivyo. Na binti alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na kwao mimba ya kwanza mtoto anakuja kujifungulia kwa mama yake. Lakini kwa utaratibu wa pande zote mbili baba wa mume ndiye anayemleta, anaingia ndani, anakaribishwa kiti na mwenye nyumba, wanaongea, anamwacha binti. Mfugaji alikuwa ameapa kutokanyaga nyumba ile. Mwenye nyumba alikuwa ameapa kutomkaribisha kiti.

"Na kila mmoja," mama akasema, "anakana kwamba walicheza. Mume wangu anasema alikuwa ananyoosha mgongo. Yule mwingine anasema alikuwa amekaa anakula. Binti yangu analia kwenye simu, anasema mama nitajifungua peke yangu. Sasa mimi nataka picha kubwa, nimwambie kila mmoja: kana, nikuone."

Nikaichukua ile simu, nikaigusa picha kwa vidole viwili kuipanua. Sura zikageuka ukungu. Nikajua jibu, na nikajua pia kwamba sitaki kuwa mimi wa kulitoa.

"Mama, hii haikuziki."

"Wewe ikuze tu."

Nilivuta pumzi. Nikamweleza. Akanisikiliza huku akitazama ukutani kwangu, ambako nimetundika picha ya bibi harusi mmoja kubwa kama mlango.

"Hiyo mbona imekuzika?"

Nikamweleza tena. Akasimama, akafunga simu kwenye leso. "Mwanangu, unaongea haraka kama mnadani. Maneno ya mdomo mimi hayanikai. Niandikie barua. Nitaisoma nyumbani nimetulia, nione kama kweli haiwezekani au ni wewe hutaki. Na mhuri upige."

Basi nikaandika. Sijawahi kuhangaika na maandishi hivyo tangu shule. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno ya kompyuta mpaka mimi mwenyewe nikaichoka. Ya pili ilikuwa kama ninagombana naye. Ya tatu ndiyo niliyotuma, na nakala ninayo mpaka leo kwa sababu ninaijivunia, pamoja na yote iliyosababisha.

"Mama mpendwa, shikamoo. Natumaini mu wazima hapo nyumbani na biashara inaendelea vizuri.

"Nakuandikia kuhusu ile picha ya wazee wakicheza, uliyotaka niikuze ifike upana wa mita moja. Nimeifungua kwenye kompyuta na kuipima. Kwa masikitiko, haiwezekani, na naomba nikueleze sababu usije ukadhani ni uvivu.

"Picha ya simu au ya kamera imejengwa kwa nukta ndogondogo za rangi. Hii yako ina nukta mia tano na arobaini kwa upana. Za kamera yangu, zile za kwenye albamu, zina nukta elfu sita kwa upana. Ndiyo maana yule bibi harusi wa ukutani kwangu alikuzika na hawa wazee hawakuziki.

"Picha ya kushika mkononi, ili ionekane safi, hupewa nukta kama mia tatu kwa kila inchi. Tukijibana sana, mia na hamsini. Ukigawa, yako inafika inchi tatu na nusu, basi. Ni kweli picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali na inaweza kuvumilia nukta chache zaidi, lakini mita moja ni karibu inchi arobaini, na kila inchi itaambulia nukta kumi na tatu au kumi na nne tu. Uso wa kila mzee katika picha hii una nukta kama thelathini kwa upana. Zinatosha kumtambua mtu akiwa mdogo. Akitandazwa ukutani anakuwa viraka na ukungu.

"Kukuza hakuongezi kilichopo. Chukua mfano wa shamba. Ukiwa na debe moja la mbegu ukalipanda kwenye eneo lake, mahindi yanasimama yamekaribiana, shamba linaitwa shamba. Debe hilohilo ukilitawanya bonde zima, utapata shina hapa na shina kule, katikati ni mapengo matupu, na hata ng'ombe wakipita humo huwezi kujua wameharibu nini.

"Picha hii huenda ilizaliwa ikiwa kubwa. Ilipowekwa kwenye stetasi ilibanwa ili isimalize bando la watu. Shangazi alipopiga skrinishoti alichukua kile tu kilichokuwa kwenye kioo cha simu yake, kisha akakata kingo, kisha grupu likaibana tena. Kilichoachwa njiani hakirudi. Tungeipata ile ya kwanza, mwenyewe akaituma kama faili na siyo kama picha ya kawaida, mambo yangekuwa mengine. Nimemtafuta aliyepiga. Ni dereva wa lori. Simu ile aliiweka juu ya tairi akinawa uso, akaisahau, akaondoka.

"Tafadhali usikubali mtu akuambie ataisafisha kwa programu. Zipo, lakini haziwezi kuona kisichokuwepo, zinakisia. Zitachora macho na meno ya mtu ambaye hakuja harusini.

"Nakuambatishia picha yenyewe, nimeisafisha kwa ukubwa unaofaa. Ni ndogo ya kuenea kiganjani, lakini ni wao.

"Mwanao, mpiga picha."

Nikapiga mhuri, nikaweka kile kipicha ndani ya bahasha, nikampa kondakta wa basi la Kilosa. Nikajisikia mwalimu. Jioni hiyo nilimsomea nakala jirani yangu wa duka la vipuri, akatikisa kichwa akasema mfano wa shamba umemgusa.

Umemgusa! Kesho yake simu ikaita.

"Nani amekwambia habari za ng'ombe?" Hakuna salamu, hakuna hujambo.

"Ng'ombe gani, mama? Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe waliopita kwenye mahindi! Umeandika hapa, na mhuri umepiga, kwamba ng'ombe wakipita huwezi kujua wameharibu nini. Mume wangu ameisoma. Amesoma mstari huo tu. Anasema wafugaji wamekununua."

Hapo ndipo nilipojua wazee wale waligombania nini. Wiki chache baada ya harusi, ng'ombe wa baba wa bwana harusi waliingia kwenye mahindi ya baba wa bibi harusi kule Chanzuru. Mkulima alisema wamekula nusu ya shamba. Mfugaji alisema wamepita tu ukingoni, na kwamba shamba lenyewe lilikuwa na mapengo tangu mwanzo kwa sababu ya upandaji mbaya. Kosa lililomuudhi mzee wa kanisa, kwa maelezo ya mama, halikuwa ng'ombe. Ni hilo neno la mapengo. Na mimi, katika nchi hii yenye mifano elfu, uji, kitenge, supu, rangi ya ukuta, nilikuwa nimekwenda kuchagua shamba la mahindi, nikaweka mapengo, nikapitisha na ng'ombe.

"Mama, ule ni mfano wa picha."

"Mimi nimeelewa. Lakini yeye sasa anasema hata hiyo studio haitaki kuiona. Umenipa barua ya kunisaidia, imenitoa machozi." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayefunga gunia. "Halafu kuhusu kukuza, nimemwuliza mtu wa mabango hapa Kilosa. Anasema inawezekana vizuri kabisa."

"Mama, nimeandika kwamba..."

"Umeandika. Yeye amesema."

Mtu wa mabango namfahamu. Anachora matangazo ya saluni na ya mikutano ya injili, na kazi yake si mbaya, mradi uitazame ukiwa kwenye pikipiki. Niliumia. Nilimwambia jirani yangu kwamba watu hawapendi ukweli, wanapenda mita. Nikajiapiza kutojihusisha tena na ukoo ule, na kwa siku chache nikatimiza.

Kisha mama akapiga tena, safari hii na salamu kamili, hali ya kazi, hali ya mvua. Bango limekuja. Ni kubwa kuliko alivyoomba. Sura zinang'aa. Mfugaji ameambiwa na watu kwamba ametundikwa sebuleni kwa mkulima, ukubwa wa mlango, anacheza, naye amesema atakuja Jumapili baada ya ibada kuhakikisha linashushwa. "Sikumwita," mama akasema. "Anakuja mwenyewe kwa miguu yake. Na wewe uje ujionee." Nilikwenda. Nisiseme nilikwenda kwa upendo. Nilikwenda kuliona bango la adui.

Sebule ilikuwa imepangwa vizuri, vitambaa vya kufuma kwenye makochi, chai kwenye chupa, maandazi chini ya kawa. Na ukutani, mkabala na mlango, lilikuwepo. Mtu wa mabango alikuwa ameipitisha kwenye programu, na programu ilikuwa imefanya kazi yake kwa bidii. Mikono ya pembe ilikuwepo, tai begani ilikuwepo. Lakini juu ya zile shingo walikaa wanaume wawili niliokuwa sijawahi kuwaona, ngozi laini kama watangazaji wa televisheni, nyusi zimechongwa, na meno. Mungu wangu, meno. Kila mmoja alikuwa nayo yote, meupe, yamepangwa, na nadhani wa kushoto alikuwa na ya ziada.

Mzee wa kanisa alikuwa amekaa chini ya bango na shati la ibada. Nilimwamkia, akaitikia akitazama chini, maana bado nilikuwa mtu wa ng'ombe.

Mfugaji akapiga hodi. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Akasimama mlangoni na fimbo yake, kofia mkononi, akatazama ukutani. Akatazama kwa muda. Mama alikuwa amekunja mikono, anasubiri.

"Hawa ni akina nani?" mfugaji akauliza.

"Ni ninyi!" mama akasema.

"Mimi?" Akafungua mdomo, akatuonyesha wote. Mbele, juu, palikuwa na nafasi ya meno mawili. "Haya meno nimeyatoa wapi?"

Na hapo mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ameapa kutosema naye, akainua uso. "Nimemwambia," akasema, bila kumtazama. "Tangu juzi namwambia mke wangu. Yule wa kulia si mimi. Mimi sina nyusi hizo."

"Na huyu wa kushoto si mimi," mfugaji akasema.

"Si wewe kabisa. Wewe ni mbaya zaidi."

"Sasa je!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu habari za ng'ombe kwa wao kukubaliana jambo, na walikubaliana kwamba hawajawahi kucheza pamoja. Wakaanza kusaidiana. Mmoja akaonyesha sikio, mwenzake akaonyesha kidevu. Mfugaji akasema, "Nimekuja kuona, nimeona. Hapa nimesingiziwa." Akavaa kofia. Mama akanigeukia, na usoni mwake niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mama yule, alikuwa ameshindwa. Macho yalijaa maji. Nilisahau habari ya mtu wa mabango, nilisahau ukweli wangu. Nilimwonea huruma.

"Mama," nikamwambia, "ile niliyokuambatishia kwenye barua iko wapi?"

Akaiwaza kidogo. Akaenda chumbani, akarudi na Biblia, akaifungua, akatoa kile kipicha cha inchi tatu na nusu. Akakiweka mezani kando ya maandazi, kwa unyonge, kama mtu anayelipa alichobakiwa nacho.

Mzee wa kanisa akainama. Kila uso pale ulikuwa mkubwa kama punje ya hindi, siyo zaidi. Akainama tena. Akavaa miwani. Nikaona shingo yake inaanza kutikisika.

"Hee," akasema. "Huyu hapa ndiye. Mwenyewe kabisa."

"Nani?" mfugaji akauliza kutoka mlangoni.

"Wewe. Pengo linaonekana."

Mfugaji akavua kofia. "Haiwezekani. Mimi nilikuwa nakula."

"Njoo uone unavyokula. Goti liko juu namna hii."

Mfugaji akaingia, akaegesha fimbo ukutani, akainama upande wa pili wa meza. Haoni. Akasogea. Bado haoni. Picha ilikuwa ndogo, na huwezi kuitazama picha ya namna ile ukiwa mbali na mtu anayeitazama. Ikabidi azunguke meza, akae kwenye kochi, pembeni, bega kwa bega. Hakuna aliyemkaribisha kiti, shida ya macho ndiyo iliyomkalisha. Mzee wa kanisa akavua miwani, akamkabidhi bila neno.

Mfugaji akaivaa. Kisha mfugaji akaanza kucheka, kicheko cha chinichini cha mtu anayejizuia.

"Na huyu mwenye tai begani?"

"Yupi?"

"Huyu. Mzee wa kanisa mzima. Pembe juu! Unalia mahindi, mahindi, kumbe ng'ombe mwenyewe ni wewe!"

"Lete miwani."

"Subiri kwanza."

"Lete miwani yangu, nasema, nione."

Wakaigombania ile miwani kama watoto. Kila mmoja alikuwa anamthibitisha mwenzake. Hakuna aliyesema "ni mimi", lakini baada ya muda hakuna aliyebaki wa kukana. Waliongezea hata yasiyokuwemo kwenye picha: nani alianza, nani alimvuta nani mkono, nani alitaka kuanguka. Mfugaji akasema kwamba ngoma ile mtu wa mahindi akiicheza vile, basi hata kwao ziwani wangempa ng'ombe. "Nipe basi," mzee wa kanisa akasema, "hao walioingia shambani." Nikashika kikombe changu. Mfugaji akakaa akiitazama ile picha, kisha akasema polepole kwamba hilo neno la mapengo alilisema kwa hasira, na kwamba mahindi yalikuwa mazuri. Mzee wa kanisa akajikohoza. Akamsogezea sahani ya maandazi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na chupa ya chai, hamimini, anaogopa kuharibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Picha hii naondoka nayo," mfugaji akasema hatimaye. "Mama mtu kule nyumbani aione. Hataamini."

"Haitoki hapa," mwenye nyumba akajibu. "Hii imetumwa kwa mke wangu, na barua, na mhuri."

"Nitairudisha."

"Lini?"

Mfugaji akaifikiria. "Siku nitakayomleta binti. Naileta mwenyewe, mkononi mwangu."

"Hapo sawa. Lakini nayo isikae. Baada ya mtoto kuzaliwa mimi nitaifuata kwako tena, zamu kwa zamu." Kisha, kwa kuwa ni mtu wa mipango, akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu ng'ombe wangu. "Au fundi, wewe huwezi kutoa nyingine kama hii? Kila nyumba ikawa na yake?"

Faili lilikuwa kwenye kompyuta yangu Mikumi. Kutoa nyingine ni kubonyeza mara mbili na kunywa maji. Ningeweza kutoa za ukoo mzima, na za ng'ombe. Nikamwangalia mama. Mama akaniangalia juu ya vichwa vyao viwili, chupa ya chai imeganda hewani.

"Haiwezekani, mzee," nikasema. "Ipo hiyo moja tu."

Nilikuwa nimemwandikia mama yule barua ndefu ya ukweli mtupu, na katika nyumba ile hakuna aliyeiamini. Hilo waliliamini palepale. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatafuta karatasi safi ya kuifungia, na mama akaanza kumimina chai.